Dakika 10 ziwe sekunde 90: ubane, ukate kipande, au uandike upya?

Nina muswada wa kipindi cha redio wa dakika 10 kuhusu sumukuvu kwenye mahindi. Nimeufanya kuwa klipu ya simu ya sekunde 90 mara tatu, kila mara kwa njia yake, na katika moja ya hizo tatu niliwapa watu maelekezo ya hatari bila kuandika hata sentensi moja ya uongo. Naziweka njia hizo hapa zikitazamana, muswada ni uleule, ili mwenye kazi kama hii mezani aone ipi inamfaa.

Muswada umepangwa hivi. Dakika ya kwanza ni kibwagizo, salamu na utangulizi. Kisha mama mmoja mkulima anasimulia kwa dakika mbili na nusu jinsi alivyokuwa akianika mahindi chini, mvua ikamkuta. Anafuata mtaalamu, naye anaeleza sumukuvu ni nini: sumu inayotengenezwa na ukungu, haionekani kwa macho, inaharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Anataja mlipuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, uliougusa watu 317 na kuua 125, na ule wa mwaka 2016 Dodoma na Manyara. Sehemu ndefu kuliko zote ni ya hatua za kufuata: turubai, kupukuchua bila kuvunja punje, kuchambua, na kupima ukavu kwa chumvi. Mwisho kuna ghala, chaga na mifuko isiyopitisha hewa, kisha tunaagana.

Hesabu yake iko hivi. Mimi nikisoma kwa mwendo wa redio natamka maneno kama 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu: "hayajakauka" ni neno moja, lakini ulimi unafanya kazi ya sentensi nzima. Kwa hiyo dakika 10 ni maneno kama 1,100, na sekunde 90 ni 165. Ukiacha nafasi ya kupumua na ya sauti moja mbili za mazingira, unabaki na 145 au 150. Maana yake katika kila maneno saba, sita yanaondoka. Weka hesabu hii mbele kabla hujashika kalamu, kwa sababu ndiyo inayoamua njia ya kwanza itakufikisha wapi.

Kubana

Njia ya kwanza ndiyo inayomjia kila mhariri: unapita muswada kutoka juu hadi chini, unaondoa marudio, mifano na maneno ya kupamba, kila sehemu inabaki ila imekuwa fupi. Inaonekana ya haki, maana hakuna aliyehojiwa anayetupwa nje na hakuna hoja inayokosekana. Nilipomaliza nilikuwa na maneno 160, na katikati yake palisomeka hivi:

> Sumukuvu ni sumu inayotokana na ukungu na huathiri ini. Ili kujikinga, anika mahindi mahali pasafi, yakaushe vizuri, yachambue, pima unyevu ipasavyo, kisha yahifadhi kwenye ghala kavu lenye hewa ya kutosha.

Hakuna kosa hapo, na hakuna mtu atakayefanya chochote kutokana nayo. Angalia maneno "vizuri" na "ipasavyo". Kwenye muswada mrefu mahali pa "vizuri" palikuwa na sentensi nne: turubai gani, kugeuza mara ngapi, jioni ufanye nini, utajuaje yamekauka. Nilipobana, kipimo kilitoka na sifa ikakaa kwenye kiti chake. Mkulima anayeanika chini naye anaamini anakausha vizuri, na ndiyo maana kipindi kilitengenezwa.

Hiki ndicho kipimo changu cha muswada uliobanwa kupita kiasi, na hakinihitaji nijue mada. Nahesabu "vizuri", "ipasavyo", "kwa usahihi", "ya kutosha", "kwa makini". Kila moja ni kaburi la kitu kilichokuwa na namba au sura. Yakizidi mawili ndani ya sekunde 90, najua nimekata nyama nikaacha ngozi.

Kubana kunafaa pale unapotoa sehemu ndogo. Ukiambiwa dakika 10 ziwe 7, bana. Ukiwa na sekunde 90 unataka 60, bana pia, mradi matoleo yote mawili yabebe jambo lilelile moja. Kutoka 10 hadi moja na nusu, kubana kunatoa orodha ya vichwa vya habari.

Kukata kipande

Njia ya pili ni kuuacha muswada ulivyo na kuchukua sehemu moja nzima, sekunde 90 zilizokwisha kurekodiwa. Ni ya haraka, mhariri wa sauti anaifanya kwa nusu saa. Pia inabeba kitu ambacho njia nyingine hazina: mtu akiongea kwa pumzi yake. Mama yule anaposema "nikayageuza tu, nikasema jua litayamaliza", kuna majuto kwenye neno "tu" ambayo siwezi kuyaandika.

Tatizo la kwanza la kipande ni dogo na linaonekana mapema. Lugha yetu inaficha vitu ndani ya vitenzi. Kipande changu cha kwanza kilianza na "Ukishayaanika namna hiyo, unayapima". Kwenye redio msikilizaji alikuwa amesikia mahindi mara 20 na turubai mara tatu. Kwenye simu, aliyekuwa akipitisha kidole hajui "ya" ni nini wala "hiyo" ni ipi. Dawa yake ni kusikiliza kipande huku umeziba masikio ya kumbukumbu: kila "ya", "ki", "huyo", "hapo" na "kama tulivyosema" uulize jina lake liko wapi. Likiwa nje ya kipande, ama unasogeza mkasi, ama unaweka jina kwa maandishi kwenye kioo.

Tatizo la pili ndilo lililonigharimu. Nilichagua kipande cha chumvi kwa sababu kinatazamika: chupa, mahindi, vijiko vya chumvi, mtu anatikisa, na chumvi ikinata kwenye chupa mahindi hayajakauka. Kila sentensi ilikuwa ya mtaalamu mwenyewe. Kikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza. Wiki mbili baadaye bwana shamba aliyetusaidia kwenye kipindi alinipigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Kuna mama kaja ofisini na debe la mahindi, ukungu wa kijani unaonekana kabisa. Anasema ameyapima kwa chumvi, haikunata, kwa hiyo ni salama, anataka kuyasaga. Nani kamwambia chumvi inapima sumu?"

Nilimjibu kwamba hakuna aliyemwambia hivyo. Akasema, "Hakuna aliyemwambia, lakini hakuna aliyemkataza."

Nilirudi kwenye muswada. Sentensi ya kumkataza ilikuwepo. "Kipimo hiki ni cha unyevu, si cha sumu" aliisema mtaalamu kwenye dakika ya tano, na kipande changu kilianzia dakika ya saba. Kwa msikilizaji wa redio vitu hivyo viwili vilikuwa kwenye kikao kimoja. Mimi nilivitenganisha, nikabeba tendo nikaacha sharti lake. Mahindi yanaweza kukaushwa hadi yalie kama kokoto na bado yakawa na sumu iliyoingia wiki tatu nyuma, yalipokuwa yamelowa. Chumvi haina la kusema juu ya hilo.

Tangu hapo, kabla sijakata kipande chochote cha maelekezo, nachapa muswada wote kwenye karatasi, nachukua kalamu nyekundu, nazungushia kila "isipokuwa", "ila", "kabla ya", "si kwa", "usi-". Kisha napiga mstari kutoka kila duara hadi kwenye tendo linalolihusu. Mstari wowote unaovuka mpaka wa kipande ni sharti linalobaki nyuma. Kwenye muswada huu mistari iliyovuka ilikuwa minne. Kipande chenye mistari minne inayovuka hakifai, hata kiwe kizuri namna gani.

Hadithi ya mama, kwa upande mwingine, haikuwa na mstari hata mmoja unaovuka. Haiagizi kitu. Inaanza na mavuno, inafika kwenye mvua, inaishia kwenye gunia lililotupwa. Kipande hicho nilikitoa kama kilivyo, na maneno kwenye kioo yanayosema kipindi kizima kinapatikana wapi. Kwa kazi ya kuwaita watu waje kusikiliza, sijaona njia inayokishinda kipande.

Kuandika upya

Njia ya tatu inaanza kwa kuufunga muswada. Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo ninayoichagua kwa maelekezo yoyote ambayo mtu akiyakosea anaumia.

Unamwita mtu aliyesikia kipindi kizima, si mwandishi wala mtaalamu, unamwomba akuambie kwa sentensi moja kilisema nini. Mimi nilimwita fundi mitambo. Akasema: "Kilisema sumu ikishaingia kwenye mahindi huwezi kuitoa, kwa hiyo usiyaweke kwenye gunia mpaka yakauke." Nilikuwa nimejiandaa kusikia juu ya chumvi, kwa kuwa mimi ndiyo niliyoipenda. Yeye alinipa kiini: uzuiaji uko kabla ya gunia. Chumvi ni chombo tu cha kujua wakati umefika.

Juu ya sentensi hiyo nikaweka vitu vitatu na si zaidi. Tendo: kausha juu ya turubai, pima kabla ya kufunga. Sababu: kupika hakuitoi. Sharti: chumvi inapima unyevu peke yake. Kila kitu kingine kwenye muswada kikalazimika kujieleza kwa nini kiingie, na vingi vilishindwa.

Kilichoniuma zaidi kukitoa ni mwaka 2004. Watu 125 ni wengi, na nilijaribu kufungua nao. Niliwachezea majirani wanne, na wote waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza. Nilipowauliza baadaye watafanya nini, mmoja akauliza kama tuache ugali. Kwenye dakika 10 namba ile ilikuwa na mtaalamu wa kuishusha taratibu hadi kwenye turubai. Kwenye sekunde 90 hofu inajaa chumba na hakuna muda wa kuitoa. Niliiacha kwenye kipindi.

Salamu nazo ziliondoka zote. Kwetu kuanza kuongea na mtu bila salamu ni kumvunjia heshima, na mtangazaji wetu alinuna kidogo. Lakini kwenye simu mtu anaamua ndani ya sekunde tatu nne kama atabaki, na heshima kubwa unayoweza kumpa hapo ni kumwonyesha mara moja kinachomhusu. Mahali pa salamu pakawekwa mlio wa chumvi na punje zikigonga chupa.

Halafu nikampelekea bwana shamba. Rasimu yangu ilisema: "Chumvi isiponata, weka kwenye gunia." Akaikataa. Akanieleza kwamba chumvi hunata unyevu ukiwa juu ya takriban asilimia 15, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya kuhifadhi na kuuza hakizidi 13.5. Katikati ya namba hizo kuna mahindi ambayo chumvi inayapitisha na ghala haliyataki. Nilimwambia sina nafasi ya kueleza asilimia. Akafikiri, akasema, "Waambie waongeze siku moja ya jua kali. Na mwenye kipimo cha mashine karibu naye akapime." Nusu ya kwanza nikaichukua. Maneno matano yakabeba kile ambacho namba mbili zisingebeba.

Toleo lililotoka ni hili:

> (Mlio wa chupa ikitikiswa.)
>
> Usifunge gunia la mahindi kabla hujafanya hivi.
>
> Sumukuvu inatoka kwenye ukungu, na ukungu unapenda mahindi yenye unyevu. Ikishaingia huioni, na kupika hakuitoi.
>
> MAMA: Mimi nilikuwa naanika chini. Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi nikayageuza tu, nikasema jua litayamaliza.
>
> Anika juu ya turubai. Jioni yakusanye, yafunike.
>
> Ukiona yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko. Jaza mahindi theluthi ya chupa. Tia vijiko viwili vikubwa vya chumvi kavu. Tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15.
>
> Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yarudishe juani.
>
> Isiponata, ongeza siku moja ya jua, kisha funga gunia.
>
> Lakini chumvi inapima unyevu tu. Haipimi sumu. Mahindi yaliyoota ukungu hayaponi kwa chumvi wala kwa jua. Yatenge. Usile, usiuze, usilishe mifugo.
>
> Pima kwanza. Gunia baadaye.

Ni maneno kama 110, machache kuliko nafasi niliyokuwa nayo, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Mtu anapotazama mkono ukitia chumvi, sauti inyamaze. Nilipojaribu kujaza nafasi ile kwa maneno, watu walikumbuka maneno wakasahau vijiko ni vingapi.

Sauti ya mama niliiazima kutoka kwenye kipande, sekunde kama tisa. Kuandika upya hakukatazi kuazima. Kasoro yake kubwa ni kwamba sauti inakuwa moja, ya mwandishi, na watu wanasikia wanafundishwa. Sekunde tisa za mtu aliyepotelewa na gunia zinalirekebisha hilo. Angalia pia sharti lilipo: mwisho kabisa, baada ya kipimo, na linaanza na "lakini". Kwanza nililiweka mbele, kabla ya chupa, likapita bila kusikika kwa sababu msikilizaji alikuwa hajajua bado kipimo chenyewe ni kipi. Sharti linasikika likija mara tu baada ya tendo linalolizuia.

Gharama yake ni hii: kubana kulinichukua saa moja na kipande nusu saa, lakini hili lilikula siku mbili, kwa sababu ya kurekodi upya na kumsubiri mtaalamu aisome. Usikubali kulitoa bila macho ya mtaalamu. Unapobana au kukata, maneno bado ni yake. Unapoandika upya ni yako, na kosa ni lako. Hatari ya pili ni kuchagua kiini kisicho chenyewe. Ningefuata moyo wangu bila kumuuliza fundi mitambo, ningetengeneza sekunde 90 za chumvi na kurudia kosa lile kwa sauti nzuri zaidi.

Uchague ipi

Uliza swali moja: mtu akitenda kulingana na sekunde hizi peke yake, bila kusikia dakika 10, anaweza kuumia? Ikiwa ndiyo, andika upya, na kama huna siku mbili usitoe maelekezo kabisa. Toa kipande cha hadithi umwelekeze kwenye kipindi. Ikiwa hapana, na muswada una sehemu inayojitosheleza, kata kipande na ulale. Kubana kuweke kwa ajili ya mguso wa mwisho, pale toleo lililoandikwa upya limezidi kwa sekunde nane.

Kuna muswada ambao hakuna njia itakayoufanya sekunde 90, na utaujua kwenye hatua ya sentensi moja. Ukiwauliza watu watatu kipindi kilisema nini na wakakupa mambo matatu yasiyogusana, ndani yake kuna vipindi vitatu. Tengeneza klipu tatu.

Njia yoyote utakayochagua, ijaribu kwa mtu asiyeijua mada, mara moja tu, simu ikiwa mkononi mwake, sauti ikiwa imezimwa kwanza. Wengi wanatazama wakiwa kwenye daladala au kwenye foleni na sauti haipo, kwa hiyo maneno ya kwenye kioo yabebe tendo na sharti, hata yasipobeba vingine. Kisha icheze na sauti. Usimuulize "umeelewa?" maana kwa adabu atasema ndiyo. Muulize "kesho utafanya nini?", halafu "ni wakati gani hii haitakusaidia?"

Mimi nilimjaribu mama mwenye genge karibu na nyumbani. Swali la kwanza alilijibu bila kusita: turubai, chupa, chumvi, siku ya jua. Swali la pili akanyamaza, akarudisha klipu nyuma mwenyewe, akaisikiliza tena mwishoni. "Kama tayari yana ukungu," akasema, "basi hapo chumvi haina kazi." Kisha akauliza ayaweke wapi yakishakauka, juu ya sakafu au kwenye chaga. Hilo liko kwenye dakika ya nane ya kipindi, na nimeanza kuliandikia klipu yake.